Malipo Kamili Kabla ya Mzigo wa Kwanza: Namna ya Kuyaomba kwa Adabu na Namna ya Kuyajibu

Somo hili linahusu jambo linalowatatiza wauzaji wadogo na wanunuzi wao kwa kiasi kimoja. Mteja mpya anaagiza bidhaa kutoka mbali. Muuzaji anamwomba alipe fedha zote kabla ya mzigo kuondoka. Mteja anajiuliza kwa nini aaminiwe yeye mwisho, na muuzaji anajiuliza kwa nini atoe mali yake kwa mtu asiyemfahamu. Mara nyingi mazungumzo huvunjika hapo, na si kwa sababu mmoja wao ni mdanganyifu, bali kwa sababu ombi limetolewa vibaya au limepokewa vibaya.

Baada ya kulisoma somo hili, msomaji ataweza kutambua lini ombi la malipo kamili lina sababu ya haki, ataweza kulieleza au kulijibu kwa adabu, na atajua mambo ya kuyaandika kabla fedha hazijatoka mkononi. Mfano tutakaoufuata ni wa Kidichi, Unguja, katika biashara ya viungo.

1. Kwa nini biashara ya viungo

Kidichi ni eneo la mashamba, nje kidogo ya mji wa Zanzibar. Wageni wengi hufika huko kulitazama hamamu lililojengwa mwaka 1850 katika zama za Sayyid Said, kisha hutembezwa mashambani na kuonyeshwa mdalasini, iliki, pilipili manga, kungumanga na vanila vikiwa bado mitini. Mgeni huonja, hununua kifurushi kimoja au viwili, na huondoka na namba ya simu ya muuzaji. Baada ya miezi kadhaa hupiga simu, au humpa namba ile jamaa yake, na oda ya kwanza huingia kutoka Dar es Salaam, Mombasa, Maskati au mbali zaidi.

Oda ya namna hii haifanani na kununua dukani. Dukani mnunuzi huiona bidhaa, hulipa na huondoka nayo katika dakika hiyo hiyo. Huo ndio msingi wa sheria ya mauziano katika nchi zetu: isipokuwa wenye mapatano wamekubaliana vinginevyo, kukabidhi bidhaa na kulipa bei yake ni mambo yanayokwenda pamoja. Kwa hiyo muuzaji anayetaka kulipwa kwanza anaomba jambo ambalo si la kawaida ya sheria, na jambo hilo ni lazima likubaliwe na mteja. Hakatazwi kuliomba, lakini hawezi kulidai baada ya mapatano kwisha kana kwamba lilikuwemo tangu mwanzo.

Hii ndiyo kanuni ya kwanza ya somo letu. Sharti la malipo kamili hutajwa mapema, pamoja na bei, kabla mteja hajasema "nimekubali". Likitajwa baadaye huwa ni sharti jipya, na mteja ana haki ya kulikataa.

2. Mfano wa oda moja

Tuchukue mfano wa mama mmoja wa Dar es Salaam anayemwoza binti yake. Amepewa namba ya simu ya muuzaji wa viungo wa Kidichi na dada yake aliyewahi kutembea huko. Wao wawili hawajapata kuonana. Mama anaagiza vitu vitatu: vifuko 150 vya viungo vya chai kuwa zawadi za waalikwa, kila kimoja kikiwa na lebo yenye majina ya maharusi na tarehe ya harusi; kilo 4 za viungo vya pilau vilivyosagwa; na kilo 1 ya iliki nzima.

Bei zifuatazo ni za mfano tu, ili hesabu ieleweke. Vifuko 150 kwa shilingi 2,000 kila kimoja ni shilingi 300,000. Viungo vya pilau kilo 4 kwa shilingi 30,000 ni shilingi 120,000. Iliki kilo 1 ni shilingi 80,000. Nauli ya mzigo kwenye boti ni shilingi 15,000. Jumla ya yote ni shilingi 515,000.

Sasa tutazame upande wa muuzaji. Yeye si mwenye ghala. Ana miti yake michache, na viungo vinavyozidi hapo huvinunua kwa majirani, ambao hutaka fedha taslimu siku hiyo hiyo. Kwa oda hii atatoa shilingi 200,000 kwa majirani, shilingi 90,000 kwa vifuko na kwa mchapaji wa lebo mjini, na shilingi 60,000 kwa wasaidizi watakaochambua, watakaosaga na watakaofunga kwa siku mbili. Jumla ni shilingi 350,000, na zote zitatoka mfukoni mwake kabla mzigo haujafika bandarini Malindi.

Tuseme ameridhika na arubuni ya nusu, yaani shilingi 257,500, na mteja akanyamaza baada ya kazi kwisha. Muuzaji atakuwa amepungukiwa na shilingi 92,500 alizozitoa mwenyewe. Iliki nzima itapata mnunuzi mwingine, kwa kuwa iliki iliyo ndani ya ganda lake hukaa muda mrefu bila kupoteza harufu. Viungo vilivyosagwa havina subira hiyo. Vikishasagwa harufu huanza kuondoka, na kila wiki inayopita hupunguza thamani yake. Ama vifuko vyenye majina ya maharusi, hivyo havina mnunuzi mwingine duniani.

Hapa msomaji ataona sababu za haki za kuomba malipo kabla. Bidhaa imetengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja. Muuzaji anatoa fedha zake kabla hajapata zake. Na deni likibaki ng'ambo ya bahari, safari ya kulifuata itagharimu karibu sawa na deni lenyewe. Sababu hizi zote zinahusu kazi na mali. Hakuna hata moja inayohusu tabia ya mteja.

3. Maneno yanayojenga na maneno yanayobomoa

Muuzaji mwenye haraka huandika hivi: "Hatutoi mzigo kwa mtu tusiyemjua. Tuma hela yote ndipo tuanze." Huenda kila neno hapo ni kweli, lakini mteja hasikii utaratibu wa biashara, anasikia kwamba anashukiwa wizi. Tena maneno hayo yanamfungulia mlango wa jibu lililo wazi: "Nami sikujui wewe. Kwa nini nitangulie mimi?" Muuzaji hana la kusema, kwa sababu sababu aliyoitoa ni yake na ya mteja pia.

Ombi la adabu hujengwa kwa mambo manne. Kwanza, huanza kwa salamu na shukrani kwa oda yenyewe. Pili, husema kwamba huu ni utaratibu wa oda ya kwanza kwa kila mteja mpya, wala haukutungwa kwa ajili yake. Tatu, hutoa sababu moja au mbili za kweli zinazotokana na kazi. Nne, na hili ndilo linalosahauliwa sana, husema muuzaji naye anafungwa na nini: siku gani mzigo utaondoka, na fedha zitarudi vipi usipoondoka.

Jambo la nne lina uzito kuliko matatu ya mwanzo. Mteja anapolipa kabla, hatari yote iliyokuwa juu ya muuzaji huhamia kwake. Adabu ya maneno peke yake haiwezi kuibeba hatari hiyo. Adabu iliyo kamili ni kumrudishia mteja sehemu ya uhakika alioutoa.

Ujumbe wa muuzaji wa Kidichi ungeweza kuandikwa hivi:

"Assalaam alaykum dada yangu. Ahsante sana kwa kutuchagua katika harusi ya binti yetu. Mwenyezi Mungu aijaalie heri. Oda yako nimeiandika kama ifuatavyo: vifuko 150 vyenye lebo, viungo vya pilau kilo 4, iliki nzima kilo 1. Jumla pamoja na nauli ya boti ni shilingi 515,000.

Kwa oda ya kwanza, kila mteja wetu mpya huombwa akamilishe malipo kabla ya mzigo kuondoka. Sababu ni kwamba viungo tunavinunua kwa majirani kwa fedha taslimu, na lebo zenye majina ya maharusi hatuwezi kumuuzia mtu mwingine. Kuanzia oda ya pili tutaweza kuzungumza utaratibu mwepesi zaidi.

Kwa upande wetu, mzigo utapanda boti Jumatano ya wiki ijayo, siku kumi kabla ya harusi. Usipopanda hadi Alkhamisi, utachagua mwenyewe: kusubiri, au kurejeshewa fedha zako zote ndani ya siku tatu. Kabla ya lebo kuchapwa unaweza kuivunja oda na ukarejeshewa kila kitu. Zikishachapwa, tutakata gharama ya vifuko na lebo tu, shilingi 90,000. Tafadhali niambie kama kuna jambo lisilokuridhisha, tulizungumze kabla hatujaanza."

Ujumbe huu ni mrefu kuliko ule wa kwanza, lakini unaokoa simu kumi za baadaye. Mteja amejua anachokipata, kwa bei gani, siku gani, na nini kitatokea kila jambo likienda upande. Tena sentensi ya mwisho inamwachia nafasi ya kusema hapana bila ya kuona haya.

4. Malipo kamili kabla ya mzigo si lazima yawe kabla ya kazi

Mama wa harusi akiusoma ujumbe huo huenda akajibu hivi:

"Wa alaykum salaam dada. Nimekuelewa na sababu zako nazikubali. Lakini nami naomba unielewe: fedha hizi ni za harusi, na zikipotea sina nyingine. Naweza kukutumia zile za kununulia viungo na kuchapa lebo sasa, na zilizobaki nikazituma mzigo ukiwa tayari, kabla haujapanda boti?"

Jibu hili ni la adabu, na ni la busara pia. Halimwiti muuzaji mwongo, na halikatai utaratibu wake. Linauliza tu swali ambalo wengi hawaulizi: kabla ya nini hasa? Muuzaji ameomba malipo yakamilike kabla ya mzigo kuondoka. Hakusema ni lazima yakamilike kabla ya kazi kuanza. Baina ya nyakati hizo mbili kuna siku kadhaa, na ndani ya siku hizo kuna nafasi ya kila mmoja kumtuliza mwenzake.

Hesabu yenyewe inaruhusu. Gharama za muuzaji ni shilingi 350,000. Mteja akilipa kiasi hicho Jumatatu ya mapatano, muuzaji hatoi hata shilingi moja ya kwake. Shilingi 165,000 zilizobaki ni ujira wa muuzaji na nauli ya boti, nazo mteja atazilipa Jumanne ya wiki ya pili, mzigo ukiwa umefungwa lakini bado uko mikononi mwa muuzaji. Mzigo unapopanda boti Jumatano, bei yote imeshalipwa. Sharti la muuzaji limetimia, na mteja hakuwahi kuweka fedha zote gizani.

Kabla ya malipo ya pili mteja anaweza kuomba mambo mawili yasiyomgharimu muuzaji chochote. Kwanza, picha za mzigo ukiwa juu ya mizani, namba za mizani zikisomeka, na picha ya kifuko kimoja kwa karibu ili majina ya maharusi yahakikiwe herufi kwa herufi. Kosa la jina likionekana siku hiyo hurekebishwa. Likionekana siku ya harusi halina dawa. Pili, kama ana jamaa au rafiki aliye mjini Unguja, amwombe akautazame mzigo kabla haujapelekwa bandarini. Muuzaji mkweli hufurahi kutazamwa. Anayekataa kila njia ya kutazamwa, na bado akashikilia kulipwa kila kitu, ametoa jibu bila ya kusema.

Yako mazingira ambayo mgawanyo huu haufai. Oda ikiwa ndogo, kwa mfano nusu kilo ya iliki, malipo mawili ni usumbufu kwa wote, na ni rahisi zaidi kulipa mara moja. Kwa upande mwingine, oda ikiwa kubwa mno kwa mtu asiyefahamika, hata malipo mawili hayatoshi. Hapo njia nzuri ni kuipunguza oda ya kwanza. Mwenye duka anayetaka kilo 60 aanze na kilo 5, alipe zote kabla, aupokee mzigo, aupime na aunuse. Hasara ya kilo 5 humfundisha mtu. Hasara ya kilo 60 humfungia duka.

5. Lipi liandikwe

Wenyeji wengi wa visiwani wanaufahamu mkataba wa salam katika fikihi ya Kiislamu, ambao ndani yake mnunuzi hulipa bei kamili leo kwa bidhaa atakayokabidhiwa baadaye. Masharti yake yana mafunzo kwa kila mtu anayelipa kabla, wa dini yoyote. Bei hulipwa kamili wakati wa mapatano. Kwa kubadilishana na hilo, bidhaa ni lazima ielezwe aina yake, sifa yake na kipimo chake, na siku ya kuikabidhi ijulikane. Haifai kuifunga ahadi kwenye mti fulani au shamba fulani, kwa sababu mti huo huenda usizae. Na muuzaji akishindwa kutekeleza kwa wakati, mnunuzi huchagua kusubiri au kurejeshewa bei yake.

Malipo ya vipande viwili tuliyoyaeleza si salam, kwa kuwa salam hutaka bei yote ilipwe pale pale. Lakini fikra iliyo ndani yake inatufaa: kadiri fedha zinavyotangulia, ndivyo maelezo ya bidhaa yanavyopaswa kuwa kamili. Mtu anayelipa akiwa ameshika bidhaa mkononi hahitaji maandishi mengi, kwa kuwa macho yake ndiyo shahidi. Mtu anayelipa kabla hana shahidi ila maandishi.

Kwa hiyo "iliki kilo moja" haitoshi. Iandikwe "iliki nzima, kavu, ya msimu huu, kilo moja bila ya uzito wa mfuko". "Viungo vya pilau" navyo havitoshi. Vitajwe ni viungo gani vimechanganywa, na kama vimesagwa au ni vizima. Tarehe isiwe "wiki ijayo, inshallah", bali siku yenyewe. Na iandikwe nani anabeba gharama zikitokea upande wa pili, kwa mfano malipo ya bandarini Dar es Salaam au ya kuufikisha mzigo nyumbani. Gharama isiyotajwa mapema ndiyo inayozua ugomvi mwishoni.

Maandishi haya hayahitaji mwanasheria. Ujumbe wa simu wenye mambo hayo yote, uliojibiwa na upande wa pili kwa neno "nimekubali", ni ushahidi wa mapatano. Usiufute mpaka mzigo ufike na uukubali.

6. Siku ya kulipa

Lipa kwa njia inayoacha alama. Malipo ya benki, au ya simu kupitia lipa namba iliyosajiliwa kwa jina la biashara, huacha kumbukumbu ya jina, kiasi na saa. Fedha taslimu zilizotumwa kwa mkono wa dereva au wa msafiri huacha neno lake tu.

Kabla ya kuthibitisha malipo, simu huonyesha jina la mpokeaji. Simama hapo ulisome. Kama jina si la muuzaji wala la biashara yake, sitisha na umpigie. Huenda kuna maelezo ya kweli, kama vile namba kuwa ya mume au ya mtoto wake, lakini maelezo hayo yaje kabla ya fedha kutoka, na yaandikwe kwenye ujumbe.

Ukipokea ujumbe katikati ya oda unaosema "namba ile ina matatizo, tuma kwenye hii", usiujibu. Piga simu kwa namba ya mwanzo uliyoizoea, usikie sauti. Watu wabaya huingilia mazungumzo ya wengine, na kubadilisha namba ya malipo ni hila yao ya zamani.

Baada ya kulipa, dai stakabadhi. Mfanyabiashara aliyesajiliwa hutoa risiti, na mdogo asiye na mashine anaweza kuandika ujumbe unaotaja kiasi alichopokea, tarehe, oda inayohusika na kiasi kilichobaki. Kwa mfano: "Nimepokea shilingi 350,000 leo Jumatatu, malipo ya kwanza ya oda ya harusi. Zimebaki shilingi 165,000 kabla ya mzigo kupanda boti." Sentensi mbili hizo huwalinda wote wawili.

7. Lini usilipe kabla

Kuna bidhaa moja ya Unguja na Pemba inayohitaji tahadhari ya peke yake, nayo ni karafuu. Ununuzi wa karafuu kutoka kwa wakulima wa Zanzibar uko mikononi mwa Shirika la Taifa la Biashara la Zanzibar, ZSTC. Kwa hiyo mtu binafsi akikupigia simu na kukutaka ulipe kabla magunia ya karafuu "za shamba langu", anakuahidi kitu asichoruhusiwa kukuuzia. Ukimlipa, ama hutapata karafuu, ama utapata za magendo na matatizo yake.

Dalili nyingine ni hizi. Bei iko chini mno kuliko ya wauzaji wengine wote. Muuzaji hana mahali panapotajika, wala mtu aliyewahi kununua kwake. Anakuharakisha, akisema bei inakwisha leo jioni. Anakataa oda ndogo ya kujaribu. Na iliyo mbaya kuliko zote: umeshalipa kila kitu, kisha inakuja simu ya kudai fedha nyingine za "kuutoa mzigo bandarini". Mtu akifika hapo asiongeze hata shilingi kwa tumaini la kuokoa zile za mwanzo. Fedha za pili hufuata njia ya zile za kwanza.

8. Mzigo ukifika, na usipofika

Mzigo ukifika, ufungue siku hiyo hiyo, mbele ya mtu mwingine ikiwezekana. Upime bila ya mfuko. Hesabu vifuko. Nusa viungo vilivyosagwa: harufu iwe kali na safi, isiwe ya ukungu wala ya vumbi. Vunja punje chache za iliki. Mbegu ziwe nyeusi au za hudhurungi iliyokolea, zenye mafuta kidogo, zisiwe nyeupe na tupu. Ukiona upungufu, piga picha na umwandikie muuzaji siku hiyo hiyo. Malalamiko yanayokuja baada ya wiki tatu ni magumu kuyathibitisha, kwa kuwa hakuna ajuaye mzigo ulikuwa wapi muda huo wote.

Mzigo usipofika kwa siku iliyoahidiwa, anza kwa upole: taja oda, taja tarehe, taja kiasi ulicholipa, na uliza. Boti husitishwa kwa upepo, na muuzaji mkweli atakwambia na atakutumia uthibitisho wa safari nyingine. Akinyamaza, au akatoa kila siku sababu mpya, andika kwamba umechagua kurejeshewa fedha, na taja siku ya mwisho. Mtu aliyepokea bei bila ya kukabidhi bidhaa hana haki ya kuishikilia bei hiyo.

Siku hiyo ikipita bila ya jibu, peleka malalamiko, pamoja na nakala za ujumbe, stakabadhi na picha, kwa Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar. Kama dalili ni za utapeli tangu mwanzo, toa taarifa kituo cha polisi, na umjulishe mtoa huduma wa simu au benki mapema iwezekanavyo, kabla fedha hazijatolewa.

9. Zoezi

Msomaji ajipime kwa maswali yafuatayo, peke yake au pamoja na wenzake.

Kwanza: Mteja amekubali bei ya kilo 3 za mdalasini. Siku ya pili muuzaji anamwambia kwa mara ya kwanza kwamba ni lazima alipe zote kabla. Je, mteja analazimika? Muuzaji alipaswa kufanya nini?

Pili: Uandike upya ujumbe huu uwe wa adabu na wenye sababu: "Wateja wapya wanatusumbua sana, kwa hiyo lipa kwanza."

Tatu: Oda ya vyungu 40 vyenye jina la mkahawa ina gharama ya shilingi 220,000 kwa mfinyanzi, na bei yake ni shilingi 320,000. Mkahawa ni mteja mpya. Panga malipo mawili ambayo yatakamilika kabla ya vyungu kutolewa, na useme mteja aonyeshwe nini kabla ya kulipa la pili.

Katika swali la tatu, anayejibu shilingi 220,000 mwanzoni na shilingi 100,000 baada ya vyungu kuchomwa, kuhesabiwa na kuonyeshwa, amelifahamu somo. Anayejibu shilingi 320,000 mwanzoni hakukosea kisheria iwapo mkahawa umekubali. Lakini na atueleze muuzaji naye ameahidi nini.